Elfu Ishirini na Tano

Mke wangu anafundisha hisabati shule ya msingi hapa Kayanga. Alitaka imla ya namba, nami nikamtungia programu ndogo ya kompyuta: unaipa namba yoyote, moja hadi milioni, inakuandikia maneno yake. Niliringa kweli.

Jioni moja, akiwa anamenya ndizi, nilimjaribu.

“Elfu ishirini na tano. Ngapi?”

“Ishirini elfu, halafu tano,” alijibu.

“Umekosa! Ni 25,000.”

Aliweka kisu chini. “Baba watoto, hebu iandikie 20,005.”

Niliandika. Yakatoka maneno yale yale! Tulicheka mpaka wanetu wakaja kuchungulia.

“Mbona sokoni wanasema ishirini na tano elfu?” mke wangu akauliza.

Nikabadilisha kanuni: idadi ya maelfu ikiwa na “na” ndani yake, neno “elfu” likae mwisho wake. Kisha nikaiamuru programu ilinganishe majina yote hadi milioni moja. Hakuna lililojirudia.

Jumatatu aliwasomea wanafunzi wake, “Mia mbili na tano elfu.” Wakaandika 205,000, akarudi nyumbani akitabasamu.