Nyingi Tumezikataa

Ofisi ya Biashara ilitangaza, kwa karatasi iliyogongwa mhuri mara mbili ili pasiwe na shaka, kwamba jina la duka lolote pamoja na kaulimbiu yake vitamweleza mteja ukweli wa kinachouzwa ndani, bila kuongeza wala kupunguza, na kwamba mwenye kukiuka hatapewa cheti. Karatasi ilibandikwa kwenye milango yote ya mtaa. Upepo uliondoka na nyingi, ila ile ya mlango wa Bi Pasi ilibaki, kwa kuwa alikuwa ameinyoosha kwanza.

Hilo jina alipewa sokoni. Kwa miaka kumi na tisa aliuza mitumba ya kumwaga chini, na katika wauzaji wote wa chini ni yeye peke yake aliyekuwa na pasi ya mkaa. Wenzake walimcheka. Nguo inayokwenda kukanyagwa, walimwambia, kuipiga pasi ni sawa na kumpaka kuku wanja. Bi Pasi alicheka nao, akaendelea kupiga pasi.

Sasa alikuwa na chumba chenye dirisha la kioo, kati ya duka la dawa na kinyozi. Ndani kulikuwa na hanga arobaini tu, kioo kirefu cha kujitazama, na pazia la kubadilishia nguo. Kilichokosekana ni jina. Mwenye nyumba alishasema: Ijumaa asipoona cheti ukutani, chumba anampa muuza simu. Hapo Bi Pasi angerudi chini sokoni, na wenzake wale hawakuwa watu wa kusahau kuku.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Mama mdogo, nimekuja na majina kumi na manne," alisema binti wa dada yake, aliyesomea masoko chuoni na asiyependa mtu alisahau hilo. "La kwanza: Malkia wa Mitindo."

"Malkia gani? Mimi?"

"Ni taswira."

"Taswira yenye goti bovu. Endelea."

"Ulaya Ndogo."

"Watauliza Ulaya kubwa iko wapi, na mbona wenyewe wamezitupa nguo zao. Lingine."

"Kama Mpya."

Bi Pasi aliiweka pasi chini. "Mwanangu, mtu akikwambia mchumba wake ni kama mzuri, utaenda harusini?"

Binti alilikata jina hilo kwa kalamu nyekundu, kisha akakata na matatu yaliyofuata, maana yote yalikuwa ndugu zake. Akaeleza kwa subira ya mwalimu anayelipwa vibaya. Mteja akisikia mitumba, anaona lundo. Anaona kuinama, kusukumana, vumbi. Jina likihangaika kuficha kwamba nguo imevaliwa, mteja atanusa. "Kwa hiyo lisiseme nguo imetoka wapi. Liseme imepitia mkono gani. Na liwe fupi, mtu aliseme hata akiwa na pini mdomoni."

"Sasa hapo umesema. Jina lenyewe?"

"Hilo sijalipata."

Robota jipya la mitumba lilikuwa limeshuka asubuhi. Bi Pasi alikata kamba zake, akaketi kwenye kigoda, akaanza kazi ambayo angeweza kuifanya usingizini. Alivuta blauzi, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwapani, akavuta mshono, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Hapana." Akaitupa kushoto. Sketi: zipu inakwama. "Hapana." Shati: kola imechoka. "Hapana." Sweta lilikaa mikononi mwake muda mrefu, binti akadhani limepita. "Hapana. Nondo wamekula kwa adabu, lakini wamekula." Kisha gauni la kijani, vifungo vyote mahali pake, pindo limeshonwa kwa mkono. Alilitazama kama mtu anayesoma barua. "Hii."

Upande wa kushoto palikuwa na kilima. Kulia, gauni moja.

"Mama mdogo, umekataa ngapi hapo?"

"Sijui. Nyingi."

"Na unachukua vipi?"

"Moja moja, kwani kuna namna nyingine?"

Binti alikuwa ameshainuka. Aliandika kwenye karatasi, akaisimamisha kwenye kioo kirefu. Juu: MOJA MOJA. Chini yake, kwa herufi ndogo: *Nyingi tumezikataa.*

Bi Pasi aliisoma mara mbili. "Haisemi zimevaliwa."

"Wala haisemi hazijavaliwa. Inasema ulichokifanya."

Alitafuta kasoro, kama alivyotafuta kwenye sweta. "Hii," alisema.

Alhamisi saa nne walikuwa mbele ya afisa wa vyeti, mtu mrefu mwenye koti la kijivu ambalo hakulivua hata kwenye joto. Alisoma jina, akalipitisha. Kwenye kaulimbiu kalamu yake ilisimama.

"Nyingi ni ngapi?"

"Inategemea robota, mheshimiwa," alisema Bi Pasi.

"Ukweli hautegemei robota. Hapa unamwahidi mteja kwamba unakataa. Nitajuaje kwamba unakataa? Wafanyabiashara mnakubali chochote kinachouzika." Aliegemea kiti, akafurahishwa na wazo lake mwenyewe. "Haya. Chukua mfano. Koti langu hili. Nimelinunua dukani, jipya. Ningekuletea, ungelipokea?"

Binti alimbana mama yake mdogo ubavuni, kwa namna iliyomaanisha: sema ndiyo, tuondoke.

Bi Pasi alikuwa ameshalishika pindo. Aliangalia mshono wa bega. Akaangalia vifungo: vitatu ndugu, cha nne shemeji. Akapitisha kidole kwenye kola.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Nisingelipokea. Nilishalikataa, mheshimiwa. Mwaka juzi."

Mashine ya kuchapia kwenye meza ya jirani ilinyamaza.

"Kola ilishageuzwa, upande uliochakaa uko ndani," aliendelea Bi Pasi kwa upole, kama daktari. "Kazi nzuri, lakini ilishageuzwa. Na chini ya mfuko wa ndani kuna namba ya dobi, wino wa zambarau. Mia nne kumi na saba. Nilijaribu kuitoa kwa limau, ikagoma. Nikalirudisha kwenye lundo."

Afisa alimtazama. Kisha, kwa mkono wa mtu anayetafuta kitambaa cha pua, alifungua koti akachungulia ndani. Alilifunga. Alikifunga hata kifungo shemeji.

Binti alifumba macho akaanza kupanga maneno ya kumwambia mama yake.

"Mke wangu aliniambia ni la dukani," alisema afisa, akiiambia karatasi.

"Alikupendezesha, mheshimiwa. Mabega yamekukaa vizuri sana. Kasoro yangu ilikuwa ya kola tu."

Afisa alipiga mahesabu ambayo hayakuhusu biashara. Kulinyima jina cheti ilikuwa sawa na kusema mama huyu hakatai nguo, na ofisi nzima ilikuwa imemsikia akikataa. Karatasi yake mwenyewe ilidai ukweli. Ukweli ulikuwa umesimama mbele yake na mkoba kwapani.

"Kaulimbiu imethibitishwa," alisema, akagonga mhuri mara mbili.

Ijumaa asubuhi mwenye nyumba alikuja, akakisoma cheti ukutani toka juu hadi chini, akaenda kumpa muuza simu pole. Kilisema: Moja Moja, nyingi tumezikataa. Chini yake, kwenye aina ya bidhaa, fomu ya ofisi ilikuwa na visanduku viwili tu, na afisa alikuwa ameweka tiki kwenye kile kisicho cha vyakula: *Nguo mpya.*