Kilo Tano Zilizopungua

Mume wangu tulimzika kwenye kibanja, shamba letu la nyumbani, upande wa chini, karibu na migomba aliyoipanda mwenyewe kabla hajaenda Dar kufanya kazi ya ujenzi. Homa ya siku tisa ilimaliza kila kitu. Watu walisema nimejikaza. Sikujikaza. Nilikuwa nasikia maneno yao kwa mbali, najibu, nagawa chakula, nahesabu masufuria ya majirani ili yarudi kwa wenyewe. Kama kujikaza ndiko huko, basi hata jiwe linajikaza.

Vitu vyake vilibaki Dar. Wiki ya tatu fundi mwenzake, aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja, alinipigia simu. "Shemeji, nimekusanya kila kitu. Nimeweka kwenye gunia la salfeti, nimeshona, nimepeleka kwenye basi." Akanitajia kimoja kimoja: nguo, viatu vya ngozi, redio, simu yake kubwa, mashuka, Biblia, na koti la kijivu. Halafu akanitumia picha ya risiti ya basi.

Hilo koti ndilo lililokuwa likingojewa. Alilivaa siku ya harusi yetu, na siku ya kuondoa matanga angevalishwa mwanangu wa kwanza mbele ya ukoo, ijulikane kwamba ameshika nafasi ya baba yake. Yuko darasa la sita na koti lingemfika magotini, lakini hakuna aliyejali hilo. Wakwe zangu walikuwa wameshapanga ni nani atakayemshika mkono na nani atakayesema maneno.

Mzigo ulifika Alhamisi. Basi la Dar linaishia Bukoba. Pale mizigo ya huku hushushwa na kupandishwa kwenye gari dogo linaloleta mpaka ofisi yao ya Kayanga. Nilikwenda na shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Karani, msichana mwenye kucha ndefu na adabu nzuri, alisoma kitambulisho changu, akalinganisha namba ya risiti na ile iliyoandikwa kwenye gunia kwa kalamu ya wino mzito. Mdomo wa gunia ulikuwa umeshonwa, na juu ya mshono kuna utepe wa kampuni wenye muhuri. Haukuguswa.

"Mama, fungua ukague hapa hapa kabla hujasaini," alisema.

Nikanyoosha mkono. Shemeji akaushusha, taratibu, bila ukali. "Nguo za marehemu hazifunguliwi barabarani. Zinafunguliwa ukoo ukiwa umekaa."

Alikuwa sahihi kwa kadiri tulivyolelewa sote. Karani naye alishusha macho kwa heshima, akatupa pole. Nikasaini kwenye daftari, mahali palipoandikwa: nimepokea mzigo ukiwa salama. Mimi, ambaye msimu wa kahawa ni karani wa mizani kwenye chama chetu cha msingi Kanoni, ambaye sisaini hata debe moja la kahawa ya maganda bila kuliona likining'inia kwenye ndoano, nilisaini gunia lililofungwa. Mpaka leo najicheka kwa hilo, kicheko kisicho na furaha ndani yake.

Gunia likalala chumbani kwangu, chini ya kitanda, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Jumapili baada ya ibada ukoo ukakaa. Shemeji akakata uzi kwa kisu. Yakatoka mashuka, mashati, suruali, Biblia. Akaingiza mkono mpaka bega. Akaligeuza gunia juu chini na kulikung'uta. Koti halikuwemo. Viatu, redio na simu pia havikuwemo.

Hakuna aliyepiga kelele. Shemeji aliniuliza tu, "Gunia lililala wapi?"

"Chumbani kwangu."

"Na mlango?"

"Una kitasa."

"Funguo anakaa nazo nani?"

Nikasema mimi. Watu wakaanza kutazama sakafu. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka upande wa wanawake, alivuta kanga yake akajifunika. Baada ya siku mbili nikasikia kisimani kwamba simu inayofanana na ya marehemu imeonekana sokoni Nkwenda, na mwanamke aliyeiuza alijifunika uso. Lisemwalo lipo, walisema. Kutoka kwangu mpaka Nkwenda ni nauli na siku nzima, na siku hizo nilikuwa napika uji wa waombolezaji mbele ya macho yao, lakini umbea haulipi nauli.

Ningetegemea kuumia. Sikuumia. Nilihisi ganzi ileile, imeongezeka kidogo. Nililofikiria ni moja tu: wanangu watakua katika ukoo ambao mama yao anaitwa mwizi wa marehemu. Hilo nililielewa kwa akili, kama mtu anavyoelewa kwamba mvua inakuja.

Usiku sikulala, na asubuhi nikafungua tena picha ya risiti kwenye simu. Chini, kwa mwandiko mbaya: nguo, gunia moja, kilo 16.5. Nikarudisha kila kitu ndani ya gunia lilelile, nikalibeba mpaka kwenye mizani ya chama. Kilo 11.5. Nikakaa kwenye ngazi za ghala. Furaha yangu haikumaliza dakika, maana mizani hiyo ilikuwa ikinisingizia pia: kilo tano zimepungua, lakini zimepungulia wapi? Hata mimi ningeweza kuzitoa.

Nikaenda Kayanga na gunia. Ilikuwa siku ya sita tangu nilipolipokea. Karani alinikumbuka. Akageuza risiti na kunionyesha masharti yaliyochapwa nyuma kwa herufi ndogo kama mchanga: malalamiko yaletwe ndani ya siku mbili, na mzigo ukisainiwa kuwa salama kampuni haihusiki.

"Na utepe wetu ulikuwa mzima, mama. Wewe mwenyewe uliuona."

"Niliuona," nikasema. "Hebu tuangalie upande wa pili."

Nikalilaza gunia juu ya meza, kitako juu. Gunia la salfeti hutoka kiwandani limeshonwa kitako kwa cherehani, mshono wa mnyororo, hatua fupi zinazolingana. Magunia ninayoyapokea ghalani huwa nayatazama kitako kwanza, kwa sababu anayetaka kutia mawe kwenye kahawa hahangaiki na mdomo. Nusu ya mshono wa hili ilikuwa ya kiwanda. Nusu nyingine ilikuwa ya sindano ya mkono, hatua ndefu, uzi mweupe kidogo kuliko mwenzake. Utepe wao ulikuwa umelinda mlango wa mbele wakati mwizi anapita wa nyuma.

Karani akaacha kuniita mama, akaniita dada. "Dada, kaa chini. Lakini hata hivi watasema mmeshona nyumbani."

"Gari dogo la kutoka Bukoba linalipwa kwa nini?" nikamuuliza. "Kwa gunia au kwa kilo?"

Akanitazama. Halafu akainuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na faili la hati za mizigo zinazokuja na gari kila asubuhi. Dereva wa gari dogo analipwa kwa kilo, kwa hiyo Bukoba hupima upya kila kitu kabla ya kupakia. Kidole chake kilishuka kwenye mistari mpaka kikasimama. Namba ya mzigo wangu. Kilo 11.5. Tarehe ya Jumatano, siku moja kabla sijaligusa.

Nilitaka kulia pale. Machozi hayakuja, nikaomba maji.

Alinieleza la kufanya, na nililifanya lote. Anayedai kisheria ni aliyetuma, kwa sababu mkataba ni wake na kampuni. Kwa hiyo fundi aliandika barua Dar kunipa idhini, akaituma pamoja na risiti halisi na orodha ya vitu alivyopakia, amesaini. Mimi nikaandika barua ya madai: namba ya risiti, tarehe, kilo za Dar na kilo za Bukoba, vilivyopungua, na sababu ya kuchelewa, kwamba ni msiba. Nikapiga picha za mshono, karibu na mbali, utepe ukionekana. Gunia sikulitupa wala kulitia maharage. Karani akanipigia nakala ya ile hati, akagonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala ya barua yangu na kuandika jina lake chini. "Bila muhuri huu watasema hukuleta," alisema. "Wakikaa kimya, nenda nayo Bukoba kwa wale wanaosimamia mabasi."

Nilimuuliza kwa nini ananisaidia dhidi ya mwajiri wake. Akasema siku ile alipaswa kulipima gunia mbele yetu, lakini aliona aibu kuuweka msiba wa watu kwenye mizani.

Majibu yalichukua wiki nne na safari mbili. Wiki hizo niliishi kwa karatasi. Nililala nazo, nikaamka nazo, nikapanga maneno ya kuwaambia. Barua ilipofika ilikubali kwamba mzigo ulipungua kati ya Dar na Bukoba, kabla ya kukabidhiwa kwangu. Vitu havikupatikana. Fidia ingekuwa ndogo, kwa sababu mtumaji alitaja nguo tu na hakuandika thamani. Fundi alikuwa ameokoa nauli kidogo, maskini, na aliniomba radhi mpaka nikachoka.

Ukoo ukakaa tena. Shemeji alisoma barua kwa sauti, polepole, akaikunja. "Basi," alisema. "Tunashukuru Mungu. Na sisi hatukuwahi kukushuku, shemeji."

"Mlinishuku," nikasema.

Hakuna mwanamke aliyewahi kumjibu hivyo katika chumba kile. Alisema mtoto atavalishwa shati la baba yake na mambo yataendelea. Wanaume wakatoka nje kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Nilibaki na mama mkwe. Alikuwa akikunja mkeka. Nikamuuliza, "Mama, na wewe ulidhani ni mimi?"

Angeweza kusema hapana. Nilikuwa tayari kuipokea hapana yake, hata ya uongo.

"Siku za kwanza, ndiyo," alisema. "Nilitaka awe ni mtu ninayemjua, nipate wa kumgombeza. Ile homa iliyomchukua siijui, mwanangu. Siwezi kuigombeza."

Akakaa chini, nami nikakaa. Nikatambua kwamba tangu Jumapili ile mkono wa shemeji ulipotoka mtupu ndani ya gunia, nilikuwa nimelitafuta koti tu. Mwenye koti sikuwa nimemtafuta. Sasa madai yalikuwa yamekwisha, sikuwa na barua ya kuandika wala ofisi ya kwenda, na mume wangu alikuwa amekufa. Nilimlilia siku hiyo, kwa mara ya kwanza, kwa sauti, na mama yake alinishika kichwa na kulia pamoja nami mpaka wanaume wakaingia kuuliza ni nani tena amefariki.