Baba Wawili Katika Daftari la Benoît

Siku mume wangu Benoît alipokataa maharage, nilijua kile kitabu kimemkalia vibaya. Kwetu Nyabiondo mtu akikataa maharage ni mgonjwa au ana kesi. Yeye alikuwa na mtihani.

Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, na mikono yake haikukosa chaki wala udongo wa shamba. Mwaka ule wa 1968, mamluki walipokwisha kuondoka na barabara zikaanza kupitika tena, tangazo likatufikia: mwalimu asiye na diploma hatapewa darasa mwaka unaofuata. Aliyetaka kubaki aende Goma akafanye mtihani mbele ya jury, baraza la watahini. Hesabu haikumtisha Benoît. Kilichomtisha ni kitabu kirefu cha Kifaransa, hadithi ya ukoo wenye kinu kikubwa cha kusagia ngano, kurasa zaidi ya mia sita. Wakubwa wa jury wangeuliza lolote, na mkononi huna kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja kwa walimu wanne, nao wakapeana zamu. Benoît alianza. Baada yake kikaenda kwa Marcellin, mwalimu wa Itebero, kule msituni Walikale.

Padri alikuwa amemwonyesha namna ya kuweka daftari la kusoma, na nisimnyime haki yake, lilikuwa daftari zuri. Kila alipomaliza sura alifunga kitabu kwanza, kisha akaandika yaliyotokea kwa mistari michache, kwa maneno yake mwenyewe, na namba za kurasa pembeni. Katikati aliweka watu wa hadithi: huyu ni nani, anataka nini, amebadilikia wapi. Nyuma aliweka mambo makubwa, urithi, usaliti, msamaha, na chini ya kila jambo kurasa za kulithibitisha. Maneno ya kitabu chenyewe hakuyanakili. Alisema ni kupoteza wino, kana kwamba wino ule aliulima yeye.

Kitabu kilipokwisha kwenda, akaanza kujipima. Mimi nachagua maharage ya mbegu uani, yeye kando yangu, amefunika ukurasa kwa mkono na kusema kwa kichwa, kisha anafunua kuona alichosahau. Nami nilisikiliza, maana kuchagua mbegu hakuhitaji masikio.

"Ukurasa 180, baba ya Armand anakufa," alisema. Armand ndiye kijana wa hadithi. "Ukurasa 212, baba anauza kinu, Armand anabaki bila kitu."

"Benoît," nikamwambia, "ule mwenye alikufa njo anauza? Maiti anauza kinu?"

Akacheka. Akafunua ukurasa. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Maana aliandika "baba" kama tunavyosema sisi. Armand alikuwa na mzazi wake, na mzazi yule alikuwa na mdogo wake, na kwetu wote wawili ni baba, nani atawaita kitu kingine? Wakati anasoma alijua vizuri nani ni nani. Kwa hiyo hakujisumbua na majina. Katika daftari ukurasa mmoja wa "baba ya Armand" ukawabeba wote wawili. Sasa wiki zilikuwa zimepita, ile picha kichwani imefutika, na daftari halikumsaidia. Ukurasa 340 baba anamfukuza Armand. Ukurasa 540 Armand anamsamehe baba kitandani. Aliyekufa ni yupi, mzazi au mdogo wake, na aliyebaki ni yupi? Na usaliti wote wa kitabu, na msamaha wote, ulikaa juu ya hao baba.

Nyumbani tulikuwa na Papa Bauma, mdogo wa marehemu baba mkwe. Homa ilipomchukua baba mkwe, Benoît bado ananyonya, na Papa Bauma ndiye aliyemlea, akauza mbuzi zake ili mtoto asome. Alimwona Benoît anafunga mzigo.

"Unaenda wapi na hii mvua, mutoto yangu?"

"Itebero, Papa. Kutafuta kitabu."

"Kitabu iko na miguu?"

Mimi nilikasirika. Mvua ya Aprili, njia ya msitu, mito imejaa, na mtihani karibu. Nilimwambia akifa huko asinitegemee kulia. Nilipika mihogo ya safari hivyo hivyo, huku machozi yananitoka, na sikusingizia moshi.

Ya Itebero alinieleza mwenyewe. Alifika miguu imevimba, akamkuta Marcellin barazani pa shule. Kitabu hakikuwepo. Marcellin alikuwa amekipakia kwenye lori la mfanyabiashara mmoja wa kabila la Wanande, kiende kwa mwalimu wa zamu ya tatu.

"Kaka, njo kimeenda jana," Marcellin alisema. "Lakini cahier yangu iko."

Wakaiweka cahier ile, daftari lake la kusoma, karibu na daftari la Benoît. Ukurasa 180, baba anakufa. Ukurasa 212, baba anauza kinu. Marcellin naye aliandika baba, baba, baba, kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu wa msitu nao hawana baba mmoja.

Benoît aliketi chini kwenye matope akalia kama mtoto. Aliona darasa lake limepewa mtu mwingine, na mbuzi wa Papa Bauma wameuzwa bure.

Kilichowaokoa ni tabia ya Marcellin ya kupenda maneno mazuri. Alikuwa na kurasa za nyuma alimonakili sentensi fupi, neno kwa neno, na ukurasa wake pembeni. Wakazitafuta moja moja. Ukurasa 212, anayeuza kinu anamwambia Armand: "Mpwa wangu, kinu hakikatwi vipande." Wafaransa wana neno lao la mtoto wa ndugu, wanamweka kando nalo. Basi muuzaji ni yule mdogo. Ukurasa 340 hivyo hivyo, mpwa, mpwa. Benoît akafuta na kuandika majina. Ukurasa 540 aliye kitandani ni yule yule, maana mwingine amekufa zamani, na Marcellin alikuwa amenakili maneno mawili tu: "Mwanangu, nisamehe."

Benoît akayanakili katika daftari lake, akarudi kunisomea. Mimi nilimwambia kurasa mia sita ni nyingi mno kwa mtu kujua kumwita mtoto wa kaka yake mtoto.

Alikwenda Goma, na alipita, karibu na mkia wa orodha lakini alipita. Ninasema mapema ili mtu asinisumbue. Ila siku aliporudi hatukujua bado. Alikaa uani, sahani ya maharage mbele yake imepoa, nami nikaona tumekwisha.

Papa Bauma akavuta kiti karibu naye.

"Walikuuliza nini?"

"Mambo ya mwisho ya kitabu, Papa. Ule mwenye aliuza kinu anaita Armand mutoto yake. Wakauliza kama ni uongo ao ni kweli."

"Na ile njo maulizo ya diploma?" Mzee alishangaa. "Ukajibu nini?"

"Nikasema ni kweli. Wakaniambia jibu lote linataka ushahidi. Nikawapa ukurasa 540." Benoît aliinamia mikono yake. "Wakasema haitoshi, muntu anaweza kusema vile juu ya kuogopa kufa. Sikukuwa tena na ukurasa, Papa. Nikawapa jina yako."

Papa Bauma alisogeza ile sahani ya maharage mpaka ikagusa goti la Benoît, akangoja mpaka alipokula.