Resonansi ya Mpindo wa Kwanta

Jumamosi niliumbuka mbele ya kikundi chetu cha wasomaji hapa mjini Columbia, Marekani. Nilikuwa nawasomea hadithi yangu ya anga za juu: nahodha anakufa, anatengenezewa kloni, yaani nakala yake hai, na kloni huyo anaamka mtu mzima, anamwita mkewe kwa jina. Wakati wa kuitunga, nilipokwama kueleza inawezekanaje, niliandika "resonansi ya mpindo wa kwanta" nikasonga mbele. Nikajiona fundi kwelikweli.

Dada Denise, Mmarekani Mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, aliinua mkono.

"Samahani, kaka. Kloni hupewa vinasaba tu. Lazima azaliwe mtoto mchanga, akue kama sisi. Kumbukumbu hazimo kwenye vinasaba. Sasa huyu amemjuaje mke?"

"Ni ile resonansi," nikajibu kwa sauti ya profesa.

"Inafanya nini hasa?"

Nilipekua kurasa zangu, nikaziweka chini.

"Sijui, dada," nikakiri. "Nilikuwa naziba pengo."

Nikangoja wanicheke. Denise akashusha pumzi, akafunga kamusi iliyokuwa mapajani mwake.

"Afadhali. Nimeitafuta humu tangu uanze kusoma, nikadhani Kiswahili changu ndicho kibovu."