Frigo Nyeupe ya Mama

Mama aliuza nguo za mitumba, salaula tunavyoita sisi, sokoni Ruashi. Huwezi kumdanganya kwa nguo. Kila shati alilipindua, akavuta mshono, akaangalia kola na makwapa, ndipo ataje bei yake. Lakini goti lilimuuma, kuinamia marundo kukamshinda. Akauza mzigo wake wote anunue frigo kubwa ya kugandisha samaki wa Kasenga. Hakukuwa na akiba nyingine, na sisi watoto tulikula kwa biashara hiyo hiyo.

Kwa muuzaji mmoja wa vyombo vya umeme kulikuwa na frigo mbili. Moja ilikuwa kuukuu, imebonyea ubavuni, ila mota inavuma kimyakimya na mabomba yake ya nyuma ni yale ya kiwandani. Nyingine nyeupe, inang'aa.

"Mama, iko ya Ulaya, ona vile iko mupya," muuzaji alisema.

Mama alifungua mlango, akagusa barafu, akapapasa rangi. Akabishana bei mpaka yule muuzaji akacheka akisema, "Mama, weye unaniua." Akashusha. Mama akafurahi, akainunua ile nyeupe. Yule mwanamke aliyepindua kila shati hakuigeuza frigo hata mara moja.

Baada ya majuma machache samaki aliowajaza ndani walianza kulainika. Fundi tuliyemwita aliivuta kutoka ukutani, akatuonyesha bomba lililochomelewa upya na mafuta yaliyovuja pale kwenye kiungo.

"Mafuta ikitoka, gesi nayo inatoka. Banaijaza gesi, inakuwa baridi siku kidogo, kisha inaisha. Rangi ni ya kuficha kutu."

Rahisi inavunja upishi, wanasema. Tulifukia samaki nyuma ya nyumba, na harufu ikakaa kwetu siku nyingi. Nyumbani njaa ikaanza. Mama akarudi kudai pesa zake. Muuzaji hakuonekana tena; kibanda chake kilikuwa cha mtu mwingine, naye akasema hamjui.

Fundi akarudi, akajaza gesi tu, bomba akaliacha vile vile. Mama akaisugua kwa sabuni, akaichomeka ikapata barafu, akaandika "INAUZWA" kwenye karatasi.

Alikuja mama mmoja wa sokoni, anauza samaki, mikono yake imepasuka kwa chumvi. Akagusa barafu, akatabasamu.

"Mama, ya kweli, haina matatizo?"

Nilimwangalia mama yangu. Alikuwa amekaa, goti limenyooshwa, macho chini.

"Haina," alisema. "Ninakuachia bei muzuri, sababu sisi wote ni bamama."

Yule mwanamke akamshukuru, akambariki. Mimi nilisimama pale nikimwomba Mungu yule mama aivute kidogo tu, aangalie nyuma. Wabebaji wakaiinua, wakaondoka nayo, na usiku ule tulikula.