Oda Ambazo Hazikuwahi Kuwepo

Nilikuwa nashughulikia matangazo ya mtandaoni ya duka moja la mashuka na mapazia mjini Morogoro. Mwenye duka ni mama wa makamo, mzaliwa wa Mgeta, mwenye sauti kali na mkono mwepesi wa kutoa. Oda zikiingia kwenye tovuti ya duka, wifi yake, mke wa kaka yake, ndiye aliyefunga mizigo na kuipeleka stendi.

Tulitangaza sehemu tatu: mtandao wa picha, mtandao wa video fupi, na tovuti ya kutafutia vitu. Kila mtandao ulinionyesha mauzo ambayo ulidai umeyaleta. Kila mwisho wa mwezi nilijumlisha yote na kuandika jumla kwa herufi nene. Nilijua kwamba hesabu zile hazijumlishwi hivyo. Lakini jumla ilipendeza, na mama aliisoma kwa sauti mbele ya wateja wake.

Asubuhi moja akaniita. Nikamkuta kasimama nyuma ya kaunta, wifi yake mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo, uwe shahidi." Akainua simu yenye ripoti yangu. "Kijana anasema oda tisini na sita. Mizigo iliyotoka humu ni hamsini na minane. Wifi, mingine imekwenda wapi?"

"Zilizoingia nimezifunga zote, wifi."

"Kwa hiyo huyu msomi muongo?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikatazama sakafu. Wifi akachukua mkoba wake, akaumimina juu ya kaunta: funguo, kitana, dawa ya kikohozi, soksi moja ya mtoto. Mteja aliyekuwa anashikashika pazia akaliachia, akatoka kimyakimya. Wifi hakulia. Alikuwa anapanga vile vitu vyake kimoja kimoja, kana kwamba anavitafutia mnunuzi.

Soksi ile ndiyo iliyonishinda.

"Mama, hakuna mzigo uliopotea," nikasema. "Hizo oda tisini na sita hazipo."

"Hazipo vipi, na wewe ndiye uliyeziandika?"

Nikafungua kompyuta. Nikamweleza habari ya mteja mmoja, mwalimu wa Dumila. Jumatatu alibonyeza tangazo letu kwenye mtandao wa picha. Jumatano akalibonyeza kwenye video. Ijumaa akaandika jina la duka kwenye tovuti ya kutafutia, akabonyeza tangazo letu pale juu, akanunua shuka moja.

"Shuka ni moja, mama. Lakini mtandao wa picha unasema wenyewe ndio uliomleta. Wa video nao unasema hivyo hivyo, na wa kutafutia pia. Kila mmoja unaona matangazo yake tu, haujui kama alipitia kwa wenzake. Mimi nikijumlisha, shuka moja linakuwa matatu. Na wapo wengine ambao hawakubonyeza kabisa. Tangazo lilipita tu mbele ya macho yao, kesho yake wakanunua, na mtandao ukawahesabu kuwa ni wake."

Mama akaiweka simu juu ya kaunta.

"Ni kama madalali wa kabichi kule kwetu Mgeta," akasema taratibu. "Mnunuzi mmoja anashuka kwenye lori, watatu wanakuja kudai kwamba wao ndio waliomleta."

"Ndivyo, mama. Oda za kweli ni zile zilizoingia dukani. Hizi za mitandao zinasaidia kuona tangazo lipi linavuta watu, lakini jumla yake si mauzo."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Wifi akageuka kunitazama kwa mara ya kwanza. "Na nilipokuwa namimina mkoba, ulikuwa unajua?"

Mama alizunguka kaunta, akaanza kumrudishia vitu vyake mkobani, akirudia, "Nisamehe wifi, nisamehe." Wifi akaupokea mkoba, akaenda zake nyumbani, Kilakala.

Jioni ile mama alimfuata pamoja na kaka yake. Niliomba kwenda nao, akanikataza: "Wewe utaenda siku yako." Baada ya wiki wifi alirudi kazini. Mimi nilidhani nitafukuzwa, nikaandaa hata maneno ya kuagia. Mama aliniambia tu niendelee, ila ripoti ianze na oda za dukani, na mitandao ifuate chini, kila mmoja kivyake, bila jumla.

Siku yangu ilinichukua muda kuifikia. Nilipokwenda, wifi alinikaribisha ndani, akanipikia chai, akaniuliza habari za nyumbani kwetu. Nilimwomba radhi. Akasema, "Yameisha, mdogo wangu," kisha akaniongezea sukari bila kuniuliza. Afadhali angenitukana. Niliinywa ile chai yote, tamu kupita kiasi, nikiwa nimeinamisha macho kwenye kikombe.