Risiti ya Mwezi wa Pili

Nilikuja Meru kutoka Tanzania kusoma, nikapanga chumba mtaa wa Kaaga kwa mama mmoja mjane, mzee wa kanisa. Posho ya ufadhili ilikuwa shilingi elfu ishirini za Kenya kwa mwezi, na kodi elfu nane. Kilichobaki nilikivuta kama mpira wa manati.

Mwezi wa tatu ofisi ya ufadhili ilitutaka tuandike mpango wa matumizi na kuambatanisha risiti tatu za kodi, kuanzia Januari. Wastani wa risiti ukizidi theluthi ya posho, wangeongeza pesa. Bila nyongeza hiyo ningerudi nyumbani na nusu ya shahada, kitu ambacho hata mbuzi hawezi kukila.

Nikaandika: kodi elfu nane, umeme mia saba, maji mia tano, nauli elfu mbili, kuchapisha kazi elfu moja na mia tano, simu elfu moja, chakula elfu sita mia tatu. Ishirini kamili. Nikajipongeza, mjinga mimi, kabla ya kufungua bahasha ya risiti. Zilikuwa mbili.

Mwezi wa pili posho ilichelewa, na mama mwenye nyumba alinisamehe kodi. Nililia siku ile kwa shukrani. Sasa huruma yake ilihesabiwa sifuri: elfu kumi na sita gawanya kwa tatu, elfu tano na ushee. Theluthi yangu ilikuwa elfu sita na mia sita na zaidi.

Nilimkuta akimenya viazi alivyoletewa kutoka Kibirichia. Nikamweleza yote, nikamwomba aniandikie tu ile risiti, maana ni karatasi. Aliniangalia mpaka nikaona aibu.

"Siwezi andika pesa sijashika, msichana wangu. Hata kama ni wewe."

Nilikasirika. Nilimwona mgumu, mtu wa kuchagua lini awe mwema. Nikaenda chumbani nikahesabu nilichobakiwa nacho hadi mwisho wa mwezi: elfu nane na mia tatu. Nikarudi, nikamwekea elfu nane mezani.

Akasema ile kodi alishaniachia, nichukue pesa zangu. Nikakataa. Moyoni nilitumaini ataandika, kisha anirudishie kimyakimya. Akahesabu noti mara mbili, akaweka kaboni kwenye kitabu cha risiti, akaandika tarehe ya siku ile na maneno "kodi ya mwezi wa pili", kisha akaziweka noti kwenye mkoba. Hakurudisha hata moja. Kama angerudisha, risiti ingekuwa uongo, na hilo nililijua vizuri kuliko nilivyotaka.

Wastani ukawa elfu nane. Kwenye mpango wangu chakula kilikuwa elfu sita mia tatu, na mfukoni mia tatu, na mwezi ulikuwa bado na siku kumi na tisa.

Aliponipa risiti alinishika mkono.

"Umekula?"

"Nimekula, mama," nikasema, nikiitazama sufuria yake ya viazi.